Je, wajua? Ahadi ya pesa hujificha katikati ya neno

"Mteja aliniandikia mwenyewe kwenye WhatsApp lini atanilipa. Mbona nikitafuta 'lipa' simu inaniletea mambo mengine, ahadi yenyewe haitoki?"

Kwa sababu kisanduku cha kutafutia cha WhatsApp hulishika neno kuanzia kichwani, na Kiswahili hakiweki maana kichwani. Mtu anayeahidi haandiki "lipa". Huandika "nitakulipa": *ni* ndiye atakayelipa, *ta* ndio wakati, *ku* ndiye wewe unayelipwa, na mzizi wenyewe umekaa nyuma kabisa ya foleni. Ukiandika `lipa`, simu inatafuta maneno yanayoanza hivyo, na "nitakulipa" linaanza na n. Lijaribu hili kwenye gumzo unalolijua lina neno hilo. Tafuta kwanza `lipa`, kisha `nitaku`, utaona tofauti.

Dawa yake ni kulitoa gumzo lote liwe faili la maandishi, ulitafute nje ya WhatsApp. Ukifungua faili hilo kwenye Notepad na kubonyeza Ctrl+F, au kwenye programu yoyote ya kusomea maandishi, herufi zinatafutwa popote zilipo, mwanzo, kati au mwisho wa neno. Kwenye Android fungua gumzo, bonyeza nukta tatu za juu, ingia `More`, halafu `Export chat`. Kwenye iPhone bonyeza jina la mtu pale juu, shuka chini utaikuta `Export chat`. Utaulizwa kama unataka pamoja na picha na sauti au maandishi matupu. Jitumie kwenye barua pepe yako, kisha lifungue kwenye kompyuta. La iPhone huja limefungwa kama zip, na ndani yake mna faili liitwalo `_chat.txt`.

Maandishi matupu yanakupa meseji 40,000 za karibuni. Ukichukua pamoja na picha na sauti unapata 10,000 tu. Kwa hiyo kwa makubaliano ya zamani na mtu mnayeandikiana kila siku, anza na maandishi matupu. Ukifungua faili ukakuta mstari wa kwanza ni wa mwezi uliopita, wakati mmejuana miaka, jua ya nyuma yamekatwa. Na ikiwa kwenye gumzo hilo imewashwa `Advanced chat privacy`, hutoweza kulitoa kabisa.

Sasa kuna mtego wa pili, na huu ndio unaowachosha wengi. Ukishapata faili ukaandika `lipa`, yanakuja mengi mno: "nilipata", "alipanda", "tulipanga". Hayo ni *li* ya wakati uliopita ikifuatwa na kitenzi kinachoanza na pa. Ongeza silabi ya mbele, uandike `kulipa`. Hapo utapata "nitakulipa", "nimekulipa" na "sijakulipa" kwa mkupuo mmoja, na takataka zitabaki chache. Ukitafuta `laki` utazikwa na "lakini", maana hakuna mazungumzo ya deni yasiyo na "lakini". Weka nafasi tupu baada ya i, utafute `laki ` na si `laki`, zile "lakini" zitatoweka.

Na sisi wa Visiwani hatuandiki neno kwa namna moja. Mmoja ataandika "nitakupa", mwengine "ntakupa", mwengine "n'takupa". Usihangaike na kichwa cha neno, kikate. Tafuta `takupa`, wote watatu watatoka. Kiasi cha pesa nacho kina sura nyingi: 350,000, 350000, 350k, laki tatu na nusu, laki 3 na nusu. `350` inashika tatu za mwanzo, `laki ` inashika mbili za mwisho. Ukiikosa ahadi kwa kitenzi, ipitie kwa kiasi. Ukiikosa kwa kiasi, ipitie kwa `shaa`, kwa sababu ahadi za huku mara nyingi hufungwa kwa "in shaa Allah". Hata anayeandika "inshaallah" ameunganisha, herufi hizo nne zimo.

Nikueleze kisa kimoja, kwa idhini ya mwenyewe, bila ya kutaja jina. Fundi seremala wa Wete alimtengenezea mtu wa Unguja milango miwili ya mninga, kwa 450,000 kila mmoja. Mteja alitoa arubuni ya 550,000, ikabaki 350,000. Milango ikavuka bahari. Mwezi wa tano mwaka 2024 fundi akadai bakaa yake, akajibiwa kwamba waliagana Idi Kubwa, na Idi Kubwa bado. Fundi akaapa kwamba ni Idi ya Ramadhani, na kwamba aliandikiwa usiku wa Ijumaa, saa mbili, mara baada ya futari.

Mwanawe alikuwa ameshatafuta kabla hawajaja kwangu. Alishuka mpaka Ijumaa, tarehe 29 Machi, saa za usiku, hakuona kitu. Kosa lake lilikuwa la kalenda. Mzee akisema "usiku wa Ijumaa" anakusudia usiku unaoitangulia Ijumaa, ambao kwenye simu bado ni Alkhamisi. Saa mbili ya usiku nayo kwenye faili ni 20. Kwa hiyo pa kutafutia palikuwa 28/03/2024, mistari ambayo saa yake inaanza na 20. Tulilibadilisha faili jina likawa `gumzo.txt`, tukafungua dirisha la amri la Windows ndani ya folda lilimo, tukaandika:

```
findstr /n /i "takupa kulipa 350" gumzo.txt
```

Amri hiyo huleta kila mstari wenye lolote kati ya matatu hayo, pamoja na nambari ya mstari. `/i` inamaanisha isijali herufi kubwa na ndogo. Tulipata mistari isiyojaa hata kioo kimoja. Mmoja ulikuwa wenyewe, na ule haukuwa na "350" wala "kulipa". Ulinaswa na `takupa` peke yake. Tukaenda kwenye nambari yake ndani ya Notepad tusome na majirani zake:

```
28/03/2024, 20:14 - Mteja Milango: Sawa fundi. Hiyo laki 3 na nusu ntakupa baada ya Idi in shaa Allah
28/03/2024, 20:16 - Mteja Milango: Ila vitasa utie wewe
28/03/2024, 20:19 - Fundi: <Media omitted>
28/03/2024, 20:31 - Mteja Milango: Haya
```

Tarehe ilimaliza ubishi wa Idi. 28 Machi 2024 tulikuwa ndani ya Ramadhani, na Idi iliyokuwa mbele yao ni ile ya 10 Aprili. Mtu aliyefunga akisema "baada ya Idi" bila ya kuongeza neno, hana Idi nyengine anayoikusudia.

Lakini mstari wa pili ulimshitua fundi. Alikuwa ameisahau kabisa habari ya vitasa. Hapa nasisitiza kwa moyo wangu wote: usiukate mstari unaokupendeza ukakimbia nao. Soma angalau mistari kumi juu yake na kumi chini, kwa sababu sharti mara nyingi huja dakika mbili baada ya ahadi, katika meseji yake peke yake. Kama fundi angepeleka ule wa 20:14 pekee kwa sheha, mteja angetoa wa 20:16, na kuanzia hapo nani angemsikiliza?

Ile `<Media omitted>` ya 20:19 ilikuwa voisi. Ukitoa maandishi matupu kwenye Android, sauti na picha zote hugeuka maneno hayo mawili, na huku kwetu nusu ya biashara inasemwa kwa mdomo. Tukalitoa gumzo mara ya pili, safari hii pamoja na sauti. Pahala pale pale pakaandikwa jina la faili, linaloanza na `PTT-20240328`, yaani sauti ya tarehe 28 mwezi wa tatu mwaka 2024. Tukaisikiliza. Fundi alisema: "Vitasa nitatia, ila utavinunua wewe, mie natoa ufundi tu." Ndiyo iliyojibiwa "Haya" saa 20:31. Bila ya sauti ile, "Haya" haina maana yoyote, huwezi kujua imekubali nini.

Hiyo inanileta kwenye upungufu wa faili. Mtu akijibu meseji ya juu kwa kuivuta, faili halionyeshi ameijibu ipi. Jibu linatokea chini kama meseji ya kawaida, na "sawa" ya leo huenda ikawa inajibu swali la jana. Alama ya dole gumba iliyobandikwa juu ya meseji haitokei kabisa, hata kama ndiyo iliyokuwa kukubali kwake. Katika hali hizo rudi kwenye simu yenyewe uangalie. Meseji ndefu yenye aya kadhaa hubeba tarehe na jina kwenye mstari wake wa kwanza tu, hivyo amri ikikuletea mstari usio na tarehe, panda juu mpaka uipate. Na kama simu yako imewekwa mpangilio wa Kimarekani, mwezi hutangulia siku. Ukiona 04/05 usijue ni ipi, tafuta ndani ya faili tarehe yenye siku iliyozidi 12. Nambari hiyo itakuonyesha siku inakaa upande gani.

La mwisho ni uzito wake. Faili hili ni maandishi matupu, na yeyote anaweza kubadilisha 350 ikawa 530 kisha akahifadhi. Jina "Mteja Milango" ni lile alilolihifadhi fundi kwenye simu yake, mteja hakulichagua. Kwa hiyo faili linatusaidia kuiona ahadi ilipo, ila kitu cha kumwonyesha mtu ni simu. Usilifute gumzo baada ya kulitoa, na usibadilishe simu kabla ya kuhakikisha limehama nayo.

Fundi hakumtumia mteja karatasi wala picha ya kioo. Alimpigia, akamwambia afungue simu yake mwenyewe, aende 28 Machi, saa mbili na dakika kumi na nne usiku, asome nne zinazofuatana na aisikilize ile sauti. Meseji zile zilikuwa kwenye simu zote mbili. Mteja alikaa kimya kidogo, kisha akasema atanunua vitasa. Wiki ile ile fundi alivuka kwenda Unguja, akavitia, na 350,000 akahesabiwa pale pale mlangoni.