Chupa 41 kwenye boksi la chupa 40

Mjasiriamali mmoja wa juisi alituletea boksi lake tulitazame. Chupa zake zina kipenyo cha milimita 60, na ndani boksi lina upana wa milimita 300 na urefu wa milimita 480. Hesabu yake ilikuwa rahisi: tano upande mmoja, nane upande wa pili, jumla 40. Alitaka kujua kama kuna njia ya kuongeza hata chupa moja bila kuagiza boksi jipya. Ipo, ila si kwa kila boksi, na ni vizuri kuelewa sababu kabla mtu hajaanza kubadilisha upangaji wake wote.

Njia yake ni mpangilio wa mraba: kila chupa iko nyuma ya mwenzake, safu zimenyooka pande zote mbili. Nafasi inayobaki wazi katikati ya chupa nne ni kubwa. Chupa zinafunika asilimia 78.5 tu ya sakafu ya boksi, na zaidi ya sehemu moja kwa tano ni hewa tupu.

Mpangilio wa kupishana ni ule ambao safu ya pili inasogezwa nusu chupa, kila chupa ikakaa kwenye bonde lililo kati ya chupa mbili za safu ya kwanza. Chukua sarafu tatu zinazolingana uzisogeze zigusane. Vitovu vyake vinafanya pembetatu yenye pande sawa, na kimo cha pembetatu hiyo ni mara 0.866 ya kipenyo cha sarafu. Hapo ndipo faida inapotoka. Safu mpya haihitaji tena kipenyo kizima cha urefu wa boksi, inahitaji asilimia 86.6 yake. Kwenye eneo kubwa sana sehemu inayofunikwa hupanda hadi asilimia 90.7, na zaidi ya hapo haiwezekani kwa maduara yanayolingana. Mwaka 1773 mwanahisabati Lagrange alionyesha kwamba hakuna mpangilio wa kujirudia unaoushinda huu. Katika miaka ya 1940 Mhungari László Fejes Tóth akathibitisha kwamba hata mpangilio usiojirudia hauushindi.

Turudi kwenye boksi la juisi. Safu ya kwanza inachukua milimita 60, na kila safu inayofuata inaongeza milimita 52 hivi badala ya 60. Safu tisa zinahitaji 60 na mara nane ya 51.96, yaani milimita 476 kasoro kidogo. Boksi lina 480, kwa hiyo safu ya tisa inaingia. Lakini upana ni milimita 300 kamili, chupa tano bila ziada, hivyo safu iliyosogezwa nusu chupa inabeba nne tu. Tunapata tano, nne, tano, nne, hadi mwisho: safu tano za chupa tano ni 25, safu nne za chupa nne ni 16. Jumla 41.

Tumepata safu nzima ya chupa tano, tukapoteza chupa moja katika kila safu kati ya safu nne. Imebaki faida ya chupa moja. Kama boksi hilo lingekuwa na milimita 30 zaidi upande wa upana, kila safu ingebeba tano na jumla ingekuwa 45, wakati mpangilio wa mraba ungebaki na 40 zilezile. Kwa hiyo kabla ya kitu kingine chochote, pima upana unaobaki baada ya kupanga safu moja. Ukifika nusu ya kipenyo, kupishana hakukuibii chupa hata moja kwenye safu.

Kwenye vyombo vidogo mambo hugeuka. Kreti ya soda ya chupa 24 ina sita kwa nne. Ukizipisha ukiwa na safu za nne, safu zinabaki sita kwa sababu ya saba haitoshi, na unapata 21. Ukianza na safu za sita unapata 22. Mraba unashinda kwa chupa mbili au tatu. Kama upana na urefu vyote vimejaa chupa kamili, safu ya ziada haipatikani mpaka urefu wa boksi ufikie vipenyo nane. Ndiyo maana sishauri mtu mwenye katoni ya chupa 12 ahangaike na jambo hili. Chupa za kioo nazo zina vigawanyio vya kadibodi vinavyozuia zisigongane, na hivyo hukatwa kwa viboksi vya mraba. Ukiviondoa ili upate nafasi, kila chupa ya katikati itagusana na sita badala ya nne, na barabara ya vumbi itakuonyesha matokeo.

Mabomba ndiyo yanayofaidika hasa. Chukua bodi la lori lenye upana wa ndani wa milimita 2,300 na kina cha milimita 1,100, na mabomba ya PVC ya milimita 110 yenye urefu wa mita sita. Safu moja inachukua mabomba 20, yaani milimita 2,200, na inabaki 100, ambayo inazidi nusu ya kipenyo. Kwa mraba zinaingia safu kumi, mabomba 200. Kwa kupishana kila safu mpya inaongeza milimita 95, zinaingia safu 11, mabomba 220. Hizo ni mita 120 zaidi kwa safari moja.

Kwa kweli tofauti ni kubwa kuliko hiyo. Bomba juu ya bomba halitulii, likipata mwanya huteremkia bondeni. Ili mraba usimame, wapakiaji huweka papi kati ya safu, na papi za milimita 25 zinashusha safu kumi hadi nane. Sasa ni mabomba 160 dhidi ya 220.

Mambo mawili huharibu hesabu hii. La kwanza ni soketi, ule mdomo mpana wa bomba. Zikielekezwa zote upande mmoja, kipenyo unachopangia ni cha soketi, si cha bomba, na mabomba yanapinda kwa sababu yanagusana mdomoni tu. Geuza safu moja mbele, inayofuata nyuma, na uache midomo itokeze nje ya miili ya safu jirani. La pili ni msukumo wa pembeni. Bomba lililokaa bondeni ni kama kabari: kila kilo 10 zinazokalia bonde husukuma mabomba ya chini kwa nguvu ya karibu kilo 3 kila upande. Katikati misukumo hiyo inakutana na kutulizana, ila ya ukingoni inaishia kwenye ubao wa bodi. Bodi likiwa na kuta hafifu, dalili huonekana mapema: mianya inafunguka kati ya mabomba ya safu ya chini kabisa, na safu ya juu inashuka bila mtu kuigusa. Ukiona hivyo lori limesimama, usiongeze kamba juu, maana kamba ikikazwa inazidisha kabari. Shusha mzigo, simamisha miimo pande zote mbili, na uzibe zile milimita zilizobaki pembeni kwa vipande vya mbao kabla ya kupanga upya.