Kuona vinundu sio kuona naitrojeni

Jamani, hii ya "nimeng'oa mmea nikaona vinundu, kwa hiyo shamba langu halihitaji chanjo" imenichosha sasa. Chanjo ni rhizobia wa pakiti wanaopakwa kwenye mbegu, yaani bakteria wanaojenga vinundu kwenye mizizi na kuupa mmea naitrojeni ya hewani. Maharage hayachagui, yanaungana na karibu kila rhizobia yanayemkuta kwenye udongo, na wengi wao ni wageni wa kula tu, kinundu wanajenga, sukari ya mmea wanakula, naitrojeni wanatoa kidogo au hawatoi kabisa.

Subiri mimea ianze kutoa maua, chimba kwa jembe usivute maana ukivuta vinundu vinabaki ardhini, kisha vipasue kwa kucha. Wekundu au pinki ndani, vinafanya kazi. Vikiwa vyeupe au vya kijani, hivyo ni pambo. Angalia pia vilipo: vinundu vikubwa vilivyobanana juu ya mzizi mkuu viliingia mapema, ila vidogo vilivyotapakaa kwenye mizizi ya pembeni mara nyingi ni vya bakteria wenyeji wa shambani waliochelewa. Nasema mara nyingi kwa sababu kwa macho huwezi kujua ni bakteria wa pakiti au wa shambani, asikudanganye mtu.

Kipimo ninachokiamini ni vipande vitatu, vyote vipewe fosforasi: kimoja hakina kitu, kimoja chanjo, kimoja urea ya kutosha. Panda visivyo na chanjo kwanza, mikono ikiwa safi. Cha urea kikistawi na kile kitupu kikapauka, wenyeji hawatoshi. Vyote vikifanana usishangilie bado, inawezekana udongo wenyewe una naitrojeni nyingi, au kuna kitu kingine kinachobana, na hapo ndo watu wengi wanakosea. Ng'oa kile kitupu upasue, kama vinundu ni haba basi waliokulisha sio bakteria.

Soya ni habari nyingine. Kama haijawahi kulimwa hapo, weka chanjo bila mjadala, isipokuwa ni zile aina zilizozalishwa ziungane na wenyeji, na hata hizo mara nyingi zinaitikia chanjo.

Kiasi cha chanjo sasa. Gramu 100 za chanjo ya mboji yenye bakteria bilioni moja kwa gramu, kwa kilo 10 za soya. Punje moja ikiwa na gramu 0.15 hizo ni punje kama 67,000, kwa hiyo kila punje inapata kama milioni moja na nusu, vizuri tu. Pakiti ikikaa juani wakabaki milioni kumi kwa gramu, punje inaambulia 15,000, na hapo umepaka mbegu masizi tu. Kuzidisha hakuunguzi, ila hakufufui waliokufa pia.

Lowesha kidogo kwa maji ya sukari ili ishike, changanya kivulini, panda siku hiyohiyo ufukie papo hapo. Na mbegu yenye dawa ya ukungu usiipake chanjo hii, weka chanjo kwenye mfereji.