Tairi linalotetemesha, na tairi lililonyamaza

Mama mmoja wa Shella, hapa Malindi, alikwenda Muscat kwa bintiye kusi lilipoanza, akaiacha Noah yake chini ya banda la makuti. Miezi sita. Siku ya kurudi, mwanawe akaiwasha, akafika kona ya kwanza, akanipigia simu: "Fundi, ekseli imepinda!"

Ekseli ilikuwa nzima. Geji ilisoma 16, na kibandiko cha mlangoni kinataka 33. Tairi hupoteza upepo kidogo kidogo, kama pauni moja hadi tatu kwa mwezi, hata kama halina pancha. Likilegea, uzito wote wa gari hukandamiza pale pale linapogusa ardhi, na kwa joto letu hili nyuzi za ndani huzoea umbo hilo: pakawa bapa. Gari likitembea, bapa lile hugonga mara moja kila gurudumu linapozunguka, na usukani ukacheza.

Kabla ya kujaza upepo nilichukua tochi, nikakagua ubavu pale chini ulipovimba. Watu wengi hujaza kwanza, na hapo ndipo wanapokosea. Mpira uliovutika hufungua nyufa zake. Ukishajaza, nyingine hujifunga usizione. Tairi huwa na nta ndani yake, nayo hutokeza juu na kuulinda mpira kadiri tairi linavyonyumbuka barabarani. Gari lisiposogea, kinga ile hukosa kujifanya upya, jua na hewa vikaula mpira. (Ukikuta mtu amepaka matairi dizeli yang'ae, yafute kwanza. Dizeli huficha nyufa, tena huharibu mpira.)

Matatu yalikuwa na mistari myembamba kama unywele, ya juu juu tu. La mbele kulia, lililopigwa na jua la jioni, lilikuwa na nyufa zilizozunguka ubavu, na ukucha wangu ukazama ndani. Tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyochapwa ubavuni zilisomeka 3114: liliundwa wiki ya 31 ya mwaka 2014. Wakati mwingine namba hiyo huwa upande wa ndani, ikabidi uingie chini ya gari.

"Lakini hili si ndilo halitetemeshi?" mama akauliza. Kweli, halikuwa likitetemesha. Nikalitoa, nikafunga la akiba baada ya kulisoma nalo, maana la akiba huzeeka bila kukanyaga lami.

Tulijaza yote hadi 33, tukaenda Gede na kurudi, mwendo wa 50, kama kilomita 30 hivi. Kufikia Gede usukani ulikuwa umetulia: matairi yalipata joto, nyuzi zikarudi. Yasingetulia, ningeinua gurudumu kwa jeki, nilizungushe mbele ya kijiti kilichosimamishwa, nione pengo linapanuka wapi. Bapa la namna hiyo halitoki, na balansi hailiponyi. Ni kununua jingine.

Asubuhi yake, matairi yakiwa baridi, nilipima tena. La nyuma kushoto lilikuwa limeshuka hadi 29. Valvu ilikuwa imekauka.