Kwa nini mchoro hugoma kukaa kifuani mwa fulana?

"Nimeweka mchoro wa mteja juu ya picha ya fulana nyeupe, nikapitisha Displace kwenye Photoshop. Mbona bado unaonekana kama stika iliyobandikwa kiooni?"

Kwa sababu Displace inajua mikunjo tu, kifua haikijui. Kazi yake ni kusoma weupe na weusi wa picha nyingine, yaani ramani, kisha kusogeza nukta za mchoro kulingana na hicho ilichosoma. Kifua kuzunguka kuelekea makwapani ni suala la umbo, na umbo hilo inabidi ulilete mwenyewe kabla ya kugusa mikunjo.

Tuchukue nembo ya timu ya mtaani, duara lenye upana wa sentimita 28, limechorwa kwa kalamu ya wino kwenye karatasi. Mvaaji ana kifua cha sentimita 100 kuzunguka. Tukikichukulia kuwa mviringo kamili, nusu kipenyo chake ni kama sentimita 16. Ukikitazama kutoka mbele, zile sentimita 28 za kitambaa zinaonekana kama 24.5 hivi, kwa kuwa pembeni kitambaa kinatugeuzia ubavu. Upungufu huo haugawanyiki sawasawa: sentimita mbili za katikati zinabaki karibu mbili, ila mbili za mwisho ukingoni zinaonekana kama 1.4 tu. Hapo ndipo stika inapozaliwa. Mtu anaipunguza nembo yote kwa kiwango kimoja, katikati inabana isivyostahili na kingo zinabaki pana. Kifua halisi ni bapa kidogo upande wa mbele, kwa hiyo chukua hesabu hii kama kikomo na uipunguze makali kwa jicho.

Kwenye Warp chagua gridi ya 3×3. Punguza upana wa nembo hadi 24.5, kisha vuta ile mistari miwili ya wima ya ndani kuelekea nje, kila mmoja kama nusu sentimita. Katikati itatanuka, pembeni patabana. Kabla ya kumwekea mteja nembo yake, mimi huweka kwanza karatasi ya miraba midogo. Macho husamehe nembo iliyopinda, lakini mraba uliopinda vibaya hayausamehi.

Kosa la pili ni kupinda nembo kama tabasamu bila sababu. Mstari wa ulalo kifuani hushuka katikati pale tu kamera ilipokuwa juu ya usawa wake. Kamera ikiwa chini, katikati hupanda. Ikiwa usawa wa kifua, mstari hunyooka. Wengi hutazama pindo la chini la fulana, wanaliona limeinama katikati, wanapinda na nembo vivyo hivyo. Pindo liko chini sana ya kamera, kifua hakiko. Kwa fulana ya mwanamke kuna jambo jingine: kitambaa hutanda kutoka titi moja hadi jingine kama daraja, kwa hiyo usiizamishe nembo katikati.

Sasa mikunjo. Nakili picha ya fulana, iondolee rangi, kisha pitisha High Pass ya nukta kama 40. Wengi huiruka hatua hii, na mimi naiona ndiyo muhimu kuliko zote. Kwenye ramani, kijivu cha 128 maana yake "usisogeze". Taa ikiwa kushoto, bila High Pass upande wote wa kushoto huwa mweupe kuliko 128 na nusu ya nembo huhama kwa pamoja, hata palipo laini. Baada yake weka Gaussian Blur ya nukta 5, la sivyo nyuzi za kitambaa zitaichana mistari ya kalamu iwe kama msumeno. Hifadhi ramani kama PSD, yenye vipimo sawa na leya ya nembo, ili mkunjo uangukie mahali pake.

Kwenye Displace, kiwango cha 100 husogeza hadi nukta 128, hivyo 10 ni kama nukta 13. Ikiwa sentimita moja ya fulana ni nukta 50 kwenye picha yako, hiyo ni robo sentimita, na kwa mikunjo ya kawaida inatosha. Ukiona herufi zinatetemeka, shuka hadi 6. Mwisho weka leya kwenye Multiply ili vivuli vya kitambaa vipite juu ya wino. Kwa fulana nyeusi Multiply itaumeza mchoro wote. Wino mweupe unahitaji Screen.

Picha hii ni ya kumwonyesha mteja tu. Niliwahi kumpelekea mchapaji faili lililopindwa badala ya lile bapa, duara likatoka na umbo la yai kwenye fulana 20. Siku hizi faili bapa la sentimita 28 nalipa jina la CHAPA, hilo jingine ONYESHA.