SPF inathibitisha nini hasa? Dhana potofu kuhusu nani anaruhusiwa kutuma barua kwa jina la kikoa chako

SMTP, utaratibu unaosafirisha barua pepe tangu 1982, ulitengenezwa bila kumdai mtumaji uthibitisho wa jina lake. Mwenye seva yoyote anaweza kujitambulisha kama mhasibu wa kampuni yako. SPF ililetwa kuziba sehemu ya pengo hilo: mwenye kikoa anaandika kwenye DNS, mfumo wa rekodi za vikoa ambao seva yoyote inaweza kuusoma, orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lake, na seva inayopokea barua inasoma orodha hiyo na kuilinganisha na anwani ya IP iliyoileta. Kanuni zake za sasa zimo kwenye RFC 7208 ya 2014.

Kazi yenyewe ni ndogo, lakini watu wengi huitwisha mzigo usio wake. Nitatumia duka la vifaa vya ujenzi la kufikirika, kikoa chake `duka.example`. Barua za ofisi zinapitia Google, na tovuti ya duka iko kwenye seva ya kukodi yenye IP 192.0.2.25, ambayo huwatumia wateja ankara moja kwa moja.

Dhana: Nikishaweka SPF, hakuna tapeli atakayeweza kutumia jina langu

Ukweli ni kwamba SPF haiangalii jina analoliona msomaji. Barua pepe ina anwani mbili za mtumaji. Moja iko kwenye mstari wa `From`, ndiyo anayoiona mteja kwenye simu yake. Nyingine hutajwa na seva inayotuma wakati wa mazungumzo ya SMTP, kwa amri ya `MAIL FROM`, kama anwani iliyoandikwa juu ya bahasha. Barua ikishindwa kufika, taarifa ya kushindwa hurudishwa huko. SPF huangalia hii ya bahasha. Bahasha ikiwa tupu, kama ilivyo kwenye taarifa hizo za kushindwa, huangaliwa jina ambalo seva imejitambulisha nalo mwanzo wa mazungumzo.

Sasa tazama barua hii ya kitapeli, iliyofika kwa mteja wa duka letu:

```
Return-Path: <taarifa@tapeli.example>
Received-SPF: pass (client-ip=203.0.113.77)
From: Mhasibu <mhasibu@duka.example>
Subject: Akaunti yetu ya benki imebadilika
```

`Return-Path` ni anwani ya bahasha, ambayo seva iliyopokea imeihifadhi humo. Tapeli amesajili kikoa chake mwenyewe, akakiwekea rekodi ya SPF iliyo sahihi kabisa, akatuma kutoka kwenye seva yake. SPF imeulizwa kama 203.0.113.77 inaruhusiwa kutuma kwa jina la `tapeli.example`, ikajibu ndiyo, na jibu hilo ni la kweli. Rekodi ya `duka.example` haikuguswa hata kidogo. Ndiyo maana neno `pass` peke yake halisemi lolote kuhusu uaminifu wa barua. Kwenye Gmail utaiona mistari hii ukifungua barua kwa kompyuta na kuchagua "Show original", na cha kwanza kutazama ni kama kikoa cha `Return-Path` na cha `From` vinafanana.

Ulinganisho huo ndio kazi ya DMARC, rekodi nyingine ya DNS inayowekwa kwenye `_dmarc.duka.example`. DMARC inataka barua ipite SPF au DKIM, saini ya kidijitali ambayo mtumaji huiweka ndani ya barua kwa jina la kikoa, na kikoa kilichopita kiwe ndicho kile kilichoandikwa kwenye `From`, au angalau viwe vya familia moja. Barua ya tapeli ingekwama hapo. Kwa maoni yangu, mwenye kikoa anayeishia kwenye SPF amefanya nusu ya kazi, na nusu aliyoiacha ndiyo ambayo mteja wake angeihitaji.

Dhana: Kila huduma inayotuma barua inawekewa rekodi yake ya SPF

Hapa ndipo vikoa vingi huharibika. Duka lilianza na Google pekee, na rekodi yake, ambayo kwa neno `include` inaita orodha ya seva za Google, ilikuwa hii:

```
v=spf1 include:_spf.google.com ~all
```

Baadaye tovuti ikaanza kutuma ankara. Fundi akaingia kwenye paneli ya DNS akaongeza rekodi ya pili:

```
v=spf1 ip4:192.0.2.25 ~all
```

Paneli haikumkatalia, na haikuwa na sababu ya kukataa, kwa kuwa rekodi za aina ya TXT zinaweza kuwa nyingi kwenye jina moja. Kanuni ya SPF lakini haina mjadala: kikoa kikiwa na rekodi zaidi ya moja zinazoanza na `v=spf1`, matokeo ni `permerror`, yaani kosa la kudumu. Seva inayopokea haichagui mojawapo wala haiziunganishi. Kwa hiyo ankara hazikupata kibali, na barua za ofisi zilizokuwa zikipita vizuri nazo zikakipoteza chao. Dalili yake ni malalamiko kutoka pande zote mbili kwa wakati mmoja, na ndani ya barua utakuta `spf=permerror`.

Rekodi sahihi ni moja, yenye watumaji wote:

```
v=spf1 include:_spf.google.com ip4:192.0.2.25 ~all
```

Mpangilio nao una maana. Rekodi husomwa kutoka kushoto kwenda kulia, na usomaji unaishia pale IP inapofanana na kitu. Kwa kuwa `all` inafanana na kila IP duniani, chochote kilichoandikwa baada yake hakisomwi kamwe. Nimeona rekodi ambamo IP mpya ilibandikwa mwishoni, nyuma ya `~all`. Kwa macho ilionekana kamili, na seva hiyo haikupata kibali hata siku moja.

Ukitaka kuona kilichopo kweli kwenye DNS, usiitegemee paneli. Uliza mwenyewe:

```
dig +short TXT duka.example
```

Kwenye Windows ni `nslookup -type=TXT duka.example`. Hesabu mistari inayoanza na `v=spf1`, ambayo lazima iwe mmoja tu. Kama umerekebisha sasa hivi na bado unaona ya zamani, subiri TTL ya rekodi iishe, yaani sekunde ambazo nakala yake huhifadhiwa. Ikiwa ni 3600, hiyo ni saa moja.

Dhana: Naweza kuongeza include kadiri nitakavyo

SPF ina kikomo cha maswali 10 ya DNS kwa kila ukaguzi. Kila `include`, `a`, `mx`, `exists` na `redirect` inahesabiwa kuwa swali. `ip4`, `ip6` na `all` hazihesabiwi. Kinachowaponza watu ni kwamba `include` moja inaweza kuwa na nyingine ndani yake, na hizo zote zinaingia kwenye hesabu yako. Tuseme duka limeongeza huduma ya kutuma matangazo, mfumo wa kuhudumia wateja na mfumo wa mishahara. Kwenye rekodi unaona `include` nne tu, lakini ukizifungua moja moja unaweza kukuta maswali 12.

Tatizo hili hupoteza watu njia kwa sababu halijitokezi kwa kila barua. Barua kutoka kwa huduma iliyotajwa mwanzo wa rekodi hupata jibu kabla ya kikomo kufikiwa, kwa hiyo inapita. Barua kutoka kwa huduma ya mwisho inagonga kikomo, na hapo inatoka `permerror`. Mhasibu anasema barua zinaenda vizuri, mtu wa mishahara anasema hazifiki, na wote wawili wanasema kweli. Ukikuta hali ya namna hiyo, hesabu maswali kabla hujailaumu huduma yenyewe.

Dawa ya kwanza ni kuondoa huduma zisizotumika tena, na mara nyingi inatosha. Ya pili ni kuitengea huduma kikoa kidogo, kwa mfano `matangazo.duka.example`, chenye rekodi yake na kikomo chake. Wapo wanaochukua IP zote za watoa huduma na kuziandika moja kwa moja kwa `ip4`. Mimi siishauri njia hiyo pasipo chombo cha kuzisasisha, maana mtoa huduma anaweza kubadilisha IP zake bila kukutaarifu.

Dhana: Rekodi ya kikoa kikuu inalinda na vikoa vidogo vyake

Hapana. SPF hairithiwi. `tovuti.duka.example` inahitaji rekodi yake, na jina lisilotuma barua kabisa liandikiwe `v=spf1 -all`. Sera ya DMARC ndiyo inayoshuka kwenye vikoa vidogo.

Dhana: -all ni salama kuliko ~all, kwa hiyo kila mtu aiweke

`-all` inasema seva isiyo kwenye orodha haina ruhusa. `~all` inasema huenda haina ruhusa, barua isikataliwe kwa sababu hiyo pekee. Inaonekana wazi kwamba ya kwanza ni bora, mpaka ukutane na barua zinazoelekezwa.

Mteja ana anwani ya chuo alichosoma, na ameiagiza ipeleke kila barua kwenye Gmail yake. Duka linatuma ankara kutoka 192.0.2.25, seva ya chuo inaipokea na SPF inapita. Kisha chuo kinaituma Gmail, na sasa IP inayoonekana ni ya chuo. Bahasha ikiwa bado na jina la `duka.example`, SPF inashindwa. Ankara ni ya kweli, duka halijakosea, mteja naye hajakosea. Baadhi ya seva, zikiona `-all`, hukataa barua papo hapo kabla hata ya kusoma yaliyomo, kwa hiyo saini ya DKIM ambayo ingeiokoa haiangaliwi kamwe. Baadhi ya seva zinazoelekeza hubadilisha bahasha na kuweka jina la kikoa chao, njia inayoitwa SRS. Hapo SPF inapita kwa jina la chuo, lakini kwa DMARC haisaidii, kwa kuwa `From` bado ni ya duka.

Saini ya DKIM iko ndani ya barua yenyewe, na inasafiri nayo salama ilimradi yaliyosainiwa hayajaguswa njiani. Kwa hiyo kwa kikoa kinachotuma barua za kila siku mimi naweka `~all`, kila huduma nahakikisha inasaini kwa DKIM kwa jina la kikoa husika, na ukali naupeleka kwenye DMARC: kwanza `p=none` ili kupokea ripoti, halafu `p=quarantine` ili barua zinazoshindwa zitengwe, na `p=reject` ili zikataliwe, pale ripoti zinapoonyesha kwamba hakuna mtumaji halali aliyesahaulika. Katika ripoti hizo za DMARC, barua iliyoelekezwa utaitambua kwa mstari wenye IP usiyoijua, SPF imeshindwa, lakini DKIM ya `duka.example` imepita. Mstari wenye IP usiyoijua ambapo vyote viwili vimeshindwa ndio wa kufuatilia: ni tapeli, au ni mfumo wenu wenyewe ambao mtu wa idara fulani aliuwasha bila kumwambia anayeshughulikia DNS.