SPD imegeuka nyekundu baada ya radi: kidirisha kinasema nini hasa

Ukifungua boksi la sakiti breka siku moja baada ya mvua ya radi, unaweza kukuta kile kidirisha kidogo cha SPD, ambacho jana kilikuwa kijani, leo ni chekundu. SPD ni kifaa kinachokinga vyombo vya nyumbani dhidi ya mkupuo, yaani voltiji inayoruka ghafla. Taa za nyumba zinawaka, friji linanguruma, Luku inahesabu kama kawaida. Hapo ndipo wengi hufunga boksi na kusema kumbe si kitu.

Umeme haukukatika kwa sababu SPD haikai njiani kama breka. Imeungwa pembeni, kati ya laivu, nyutro na athi, ikisubiri. Ndani ya vipande vyake vingi vya kuchomoa mna varista, kisahani cha oksidi ya zinki. Kwenye voltiji ya kawaida kisahani hicho karibu hakipitishi kitu. Voltiji ikiruka ghafla hadi maelfu, kinafunguka kwa muda mfupi mno, kinaumwaga mkupuo ule pembeni, kisha kinajifunga tena.

Tatizo ni kwamba kila mkupuo mkubwa humchosha varista. Akichoka huanza kuvujisha mkondo kidogo hata kwenye voltiji ya kawaida, na mkondo huo humpasha joto. Akiachwa hivyo anaweza kuwaka moto. Kwa hiyo watengenezaji wameunga mguu wake kwa risasi inayoyeyuka kwa joto dogo, ikivutwa na springi. Joto likizidi, risasi inaachia, springi inamtenga varista na umeme, na mwendo huohuo unasukuma kibao chekundu dirishani. Nyekundu basi haimaanishi "radi imepita hapa". Inamaanisha kipande hiki kimeshajitoa kazini. Kinga iliyobaki kwenye kipande hicho ni sifuri, na hakijirudishi hata ukizima meni switchi na kuwasha tena.

Tuseme ni nyumba ya fezi moja kule Bukoba, ambako mvua za Ziwa Viktoria huja na radi nyingi. SPD ina vipande viwili: kimoja kati ya laivu na nyutro, cha pili kati ya nyutro na athi. Cha kwanza ni chekundu, cha pili kijani. Mwenye nyumba atahesabu kwamba amebakiwa na nusu ya kinga. Hesabu hiyo haisimami, kwa kuwa katika mpangilio huu mkupuo unaoingia kwa laivu hupita kwanza kipande cha kwanza ndipo ufike cha pili na kushuka ardhini. Cha kwanza kikikatika, laivu haina tena njia ya pembeni, na mkupuo unaofuata utaielekea televisheni.

Fundi atazima meni switchi, atahakikisha kwa tesita kwamba hakuna umeme, atachomoa kipande chekundu na kuchomeka kingine cha aina ileile. Aangalie maandishi ya Uc, yaani voltiji ambayo kipande kinaweza kuivumilia mfululizo. Kwa umeme wetu wa 230 V, vipande vingi huandikwa 275 V. Mpaka kipande kipatikane, radi ikianza kusikika chomoa vyombo ukutani.

Kipya nacho kikigeuka chekundu ndani ya siku chache, bila radi yoyote, usinunue cha tatu kabla ya kupima voltiji. Nyutro iliyolegea kwenye laini ya fezi tatu inaweza kupandisha voltiji ya nyumba moja kuelekea 400 V. Varista wa 275 V hawezi kuvumilia hilo. Atapata joto hadi ajitenge. Hapo mgonjwa ni laini, na hilo ni la kuripoti kwa shirika la umeme.

Na kijani je? Watu huiamini kupita kiasi. Kijani inasema tu kwamba kile kiungo cha risasi hakijaachia. Haisemi varista amebakiwa na nguvu kiasi gani. Aliyepigwa mara kumi na aliye mpya dukani wanaonyesha rangi moja. Pia kidirisha hakioni nje ya kipande. Waya wa athi ukiwa umekatika chini ya udongo, kijani inabaki kijani. Breka au fyuzi inayoilinda SPD yenyewe ikiwa imedondoka, kwenye SPD nyingi za kidirisha cha kibao bado utaona kijani, ingawa kifaa kizima hakijaungwa na kitu. Mimi baada ya radi kubwa huanza kuitazama breka hiyo, ndipo nitazame rangi.

Zile za taa ndogo badala ya kibao zina desturi tofauti: nyingine taa ya kijani huzimika tu, nyingine huwasha nyekundu. Soma karatasi iliyokuja nayo kabla hujaihukumu.