Midomo huwahi kabla ya irabu

“Kwenye unukuzi, yaani kuandika matamshi kwa alama za sauti, ‘sima’ na ‘suma’ zote zinaanza na [s] ileile. Si ina maana midomo inaviringika [u] ikifika?”

Hapana, inawahi. Hapa Kampala huwa nawaambia wanafunzi wajirekodi video kwa simu, kisha waisimamishe pale [s] inapovuma, kabla sauti ya irabu haijatoka. Kwenye ‘sima’ midomo imetanda. Kwenye ‘suma’ imeshachongoka kama ya mtu anayepuliza chai. Masikio nayo yanaweza kushika tofauti: mvumo wa pili ni mzito kidogo, kwa sababu midomo iliyochongoka hurefusha uwazi ulio mbele ya meno.

Jaribu ‘skuli’. Mara nyingi midomo huanza kuviringika kwenye [s], na [k] haiizuii, maana hiyo hutamkwa kwa nyuma ya ulimi.

Unukuzi huficha haya kwa kuwa unapanga herufi kama abiria, kila mmoja na kiti chake. Unaweza kuandika [sʷ], ambapo w ndogo huonyesha midomo iliyoviringika, na ni afadhali, ila alama hiyo haisemi midomo ilianza lini, wala iliviringika kiasi gani.